Mstari wa Nne

Ile karatasi ya mtihani niliiandika mimi. Maneno yalikuwa ya mume wangu Lazarus Opiyo na mwenzake Nyamwange, waliofundisha useremala kwenye karakana ya misheni, upande wa Kericho. Lakini mwandiko wangu ulisomeka kuliko wao.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne. Kabla ya hapo mtihani ulikuwa wa macho tu. Mwalimu anaangalia kiti, anasema huyu amepita, huyu bado. Watu wakanung'unika: Opiyo anapitisha watu wa ziwani, Nyamwange anapitisha Wakisii wake. Ndipo wakakaa mezani kwangu jioni tatu.

"Tusiandike 'afanye kazi nzuri'," Lazarus alisema. "Nzuri yako si nzuri yangu. Tuandike kitu jicho linaona."

"Basi andika, ulimi wa mguu uingie kwenye tundu la kiti bila kabari ya kuukaza," Nyamwange akasema. "Ukiinua kiti, mguu usichomoke. Hiyo hata mama watoto anaona."

"Mama watoto anaona hata chai yako imeisha," nikasema, nikamwongezea.

Wakapata mistari kumi na miwili. Kila mmoja ni ndiyo au hapana, hakuna katikati. Mitatu ikapewa nyota, ile ya hatari: ukikosa mmoja wa nyota, umeanguka hata kama mingine yote umepata. Kila mwalimu angejaza karatasi yake peke yake, kisha walinganishe. Walijaribu kwanza kwa mafundi wawili wazee, na karatasi za Lazarus na Nyamwange zikafanana kabisa. Lazarus alifurahi kama mtoto.

Mstari wa nne ulikuwa na nyota. "Mkono wa kulia ushike msumeno, wa kushoto ushike mti mbali na meno." Niliuandika vizuri, nikakausha wino.

Ndugu yangu Kepher alikuwa mmoja wa wanafunzi. Alikuwa wa mkono wa kushoto tangu azaliwe. Mama alimpiga, akajifunza kula na kusalimia kwa kulia, lakini mti aliukata kwa kushoto. Kiwanda kipya cha chai kilitaka maseremala wenye cheti, na yeye alikuwa amekwisha kuwaambia watu nyumbani kwamba atapata kazi hapo.

Wiki moja kabla ya mtihani wanafunzi wote walisomewa karatasi. Kepher akaja jikoni kwangu.

"Dada, huo mstari wa nne unanitaka mimi."

"Mwambie shemeji yako."

"Nimemwambia. Amesema nijizoeze. Anasema akinibadilishia mimi, watu watasema ni karatasi ya shemeji."

Akajizoeza siku sita, kuni zangu zote zikakatwa kombo.

Siku ya mtihani nilipeleka uji, nikaona. Alianza na kulia. Msumeno ukakwama katikati ya mti. Alisimama kidogo, akauchomoa, akauhamishia kushoto, ukapita moja kwa moja kama unakata ndizi. Mkono wa pili ulikuwa mbali na meno muda wote. Kiti chake kilikuwa imara kuliko vyote.

Karatasi mbili zikalinganishwa. Kumi na moja ndiyo. Mstari wa nne, Lazarus hapana, Nyamwange hapana.

Nyamwange ndiye aliyesema, "Opiyo, huyu kijana hakukaribia hatari."

"Najua. Lakini imeandikwa. Tukiruka mstari leo kwa ndugu ya mke wangu, hii karatasi ni ya nini?"

Kepher alifunga mzigo wake. Alikwenda Kimulot, kwenye kambi ya wakata miti msituni.

Lazarus hakulala vizuri tena. Mwezi wa pili baada ya mtihani akaniletea kalamu. "Mama Loice, kata mstari wa nne. Tuliandika vile sisi tunavyoshika, hatukuandika tulichoogopa. Na wale wazee wawili wote walikuwa wa kulia."

Nikaandika: "Mkono unaoshika mti uwe mbali na meno ya msumeno." Kulia na kushoto nikaviondoa.

Akaichukua karatasi, akatembea mpaka Kimulot kumwita Kepher arudie mtihani. Kambini walimwambia Kepher alizikwa Jumatatu iliyopita. Baridi ya msitu iliingia kifuani, ikammaliza kwa siku nne.

Lazarus alirudi na kigoda alichokiacha ndugu yangu, kisicho na msumari hata mmoja. Alikiweka mezani, akatoa karatasi, akakipima pembe zote. Ulimi kwenye tundu, ndiyo. Pembe, ndiyo. Hakitikisiki, ndiyo. Akafika mstari wa nne, akaweka kalamu chini.

"Huu siwezi kuujaza," alisema. "Unataka mtu aliyemwona akikata hiki."

"Siku ya mtihani nilimwona, mkono ulikuwa mbali," nikamwambia.

Akanisukumia kalamu. Lakini ule mstari nilioukata ulikuwa bado unasomeka kwa mwandiko wangu, nikairudisha kalamu mezani, na ile nafasi ikabaki tupu.