Mshale Ulioshuka Siku ya Msaragambo

Asubuhi ya msaragambo, siku ya mtaa kusaidiana kazi, pilau ilikuwa imeshaanza kunukia kabla fundi Nematjon hajamaliza kazi yake. Wanaume wa mtaa walikuja na makoleo yao. Mchanga umemwagwa uani, saruji imepangwa chini ya mzabibu. Walikuwa wanangoja neno moja tu kutoka kwake, wamwage zege la sakafu juu ya mabomba, nyumba ya mpwa wake Ulmas ipate kukauka kabla ya harusi.

Nyumba ile dada yake, Hosiyat, aliijenga akiwa mjane, kidogokidogo, upande wa pili wa ua wake. Alitaka kitu kimoja: kijana akioa akae pale, asiende kukaa mjini Tashkent kama watoto wa wenzake.

Nematjon alikuwa amechuchumaa mbele ya pampu ya mkono aliyoazima kwa fundi mwenzake. Alikwishajaza maji mabombani, akatoa hewa kwenye koki ya juu, akapiga pampu mpaka mshale wa geji ukagusa kumi. Ulipoteremka kidogo hakushtuka. Bomba la plastiki likibanwa na maji hutanuka, na mshale wa kwanza lazima ushuke. Akaurudisha kumi. Sasa ulitakiwa ushuke kidogo zaidi, halafu utulie.

Haukutulia. Ulishuka vilevile. Akarudisha tena, ukashuka tena.

Akazunguka vyumba vyote, akipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ilirudi kavu. Palibaki pale bomba linapopenya ukuta wa jikoni, mahali asipoweza kuona wala kugusa, na moyo wake ukaenda kukaa palepale.

Jirani yao Sotvoldi, mtu wa masihara, alichungulia mlangoni akamuuliza kama geji ile inapima maji au inapima njaa yao. Watu wakacheka. Mwingine akasema kwao walimwaga bila kupima na sakafu haijawaogesha mpaka leo.

Hosiyat hakucheka. Aliingia na kitambaa cha mkono kingali na mafuta ya pilau, akamwinamia.

"Mdogo wangu, keshokutwa hawa wanaenda kuchuma pamba. Nikiwaachia leo, nitawapata wapi?"

"Maji yanatoka mahali, dada. Nikifunika, utakuja kuvunja sakafu bibi harusi akiwa ndani."

"Una hakika?"

"Mshale unashuka."

Hosiyat akajifuta mikono. Kisha akatoka akawaambia watu waje wale. Walikula kwa adabu, wakamsifu mpishi, wakabeba makoleo yao wakaondoka. Sotvoldi peke yake aliaga kwa kumgusa fundi begani, na hilo lilimuuma kuliko masihara.

Nematjon alibomoa ukuta wa jikoni, akakata kile kipande, akachomelea kipya. Mshale ukashuka. Akakata kingine. Ukashuka. Usingizi ukampaa, akawa mkali kwa kila mtu.

Siku moja, kwa uchovu tu, alifunga koki ya kuingilia nyumba, ile iliyo kati ya mpira wa pampu na mabomba, akaketi kunywa chai. Alipotupa jicho kwenye geji, mshale ulikuwa unateremka. Mabomba yamefungiwa nje, nao unateremka.

Akaiweka chini piyala, kibakuli chake cha chai. Akafungua pampu. Kwenye raba ya valvu yake palikuwa na punje ya mchanga. Maji yalikuwa yanarudi polepole kwenye tangi la pampu lenyewe, maji ndani ya maji, nani angeyaona? Akasafisha raba, akafungua koki, akapiga mpaka kumi. Mshale ulishuka kidogo, akaurudisha, ukasimama. Alasiri yote ulisimama.

Alijua fundi yeyote hufunga koki ile kwanza, ajue anayevuja ni nani. Yeye aliona mshale, akaogopa.

Akavuka ua akamweleza dada yake bila kupunguza neno. Hosiyat alikuwa anakunja magodoro ya harusi.

"Kwa hiyo siku ile mabomba yalikuwa mazima."

"Yalikuwa mazima, dada."

"Haya," akasema, akaendelea kukunja.

Wachuma pamba waliporudi baridi ilikuwa imeshashika, na zege haliwekwi penye jalidi. Ulmas alioa, akampeleka mkewe Tashkent kwa miezi ya baridi tu, chumba cha kupanga. Huko akapata kazi, mke akashika mimba, daktari alikuwa karibu, wakabaki hukohuko.

Majira ya kuchipua Nematjon aliimwaga sakafu ile yeye mwenyewe na vibarua wawili. Haikuvuja, na haivuji. Hosiyat huingia mara kwa mara kufungua koki, maji yasilale bombani. Humwita mdogo wake kwa chai kama zamani, humkatia mkate, humuuliza habari za watoto. Hajawahi kumlaumu. Angalau angemlaumu mara moja, Nematjon angepata pa kuanzia kuomba radhi.

Juzi Nematjon alimkuta dada yake amesimama jikoni mwa nyumba ile, koki wazi, anaangalia maji yakienda.

"Yana nguvu," dada akasema.

"Yana nguvu," Nematjon akajibu.