Jogoo wa Kuaga

Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi. Sawa. Ile ya Gregori niliipenda, wala sijutii.

Mwaka 1966 bei ya mkonge ilianguka, na shamba letu chini ya Same likaamua kubaki na korona moja, yaani mtambo mmoja wa kuchana majani. Meneja hakuruhusiwa kupunguza watu kimyakimya. Sheria ilimtaka ashauriane kwanza na kamati ya wafanyakazi, nami Eliufoo nilikuwa katibu wa kamati. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana: korona ya pili ifungwe, watu wake kumi na wawili wapewe notisi ya mwezi mmoja, na kila mmoja alipwe kiinua mgongo kwa miaka aliyotumika. Notisi zingetolewa Jumatatu.

Gregori alikuwa mmojawao. Alitoka Kasulu akiwa mtu mzima, akailisha korona ile miaka kumi na minne. Kiinua mgongo ndicho kingeezeka nyumba ambayo mkewe, Lukia, alikuwa akiingoja huko kwao.

Lakini habari zina miguu. Jumamosi asubuhi Gregori alimpelekea meneja jogoo wa kuaga, akamwomba karani Sefu amwandikie barua ya kuacha kazi, akatia dole gumba.

Nilimkuta kambini akifunga mzigo.

“Mzee Gregori, umefanya nini?”

“Mgeni mwema hangoji kuonyeshwa mlango, katibu. Kwetu anayefukuzwa ni mwizi au mchawi.”

“Anayeacha kazi mwenyewe hapati kiinua mgongo! Sheria inamlipa anayeachishwa!”

Nilimfokea, mtu wa umri wa baba yangu. Naona aibu mpaka leo. Aliketi juu ya mzigo wake.

Nikamshika mkono tukaenda ofisini. Barua ilikuwa mezani, meneja hajaitia sahihi.

“Ameomba kuondoka mwenyewe,” akasema meneja.

“Jina lake lipo kwenye orodha tuliyokubaliana juzi,” nikamjibu. “Kama kamati ilikuwa mchezo, twende kwa Afisa Kazi.”

Meneja aliichukua barua. Kisha akamsogezea Gregori.

“Basi aseme mwenyewe. Ameacha, au ameachishwa?”

Nilijua ninamwomba Gregori nini. Neno kuachishwa, kwake sawa na kufukuzwa, ndilo lililomfanya akamate jogoo alfajiri.

“Nimeachishwa,” akasema Gregori.

Meneja hakusikia vizuri, au alijifanya hakusikia. Gregori akarudia kwa sauti, mbele ya Sefu na wafagiaji wa uani, machozi yakimtoka. Meneja akaichana barua.

Jumatatu alipokea notisi yake, na mwezi ulipokwisha akalipwa haki yake yote. Nilimsindikiza stesheni ya Same. Treni ilipoanza kuondoka, aliinama dirishani.

“Katibu, ukikutana na mtu wa Kasulu, mwambie niliaga vizuri, kwa jogoo.”

“Nitamwambia,” nikasema.