Barua ya Zenobia Mfukoni mwa Shefu

Zenobia Huamaní aliandika barua yake ya kuacha kazi kwenye meza yangu ya saladi, kwa sababu ndiyo meza pekee jikoni mwetu isiyo na mafuta. Aliichana mara mbili. Ya kwanza ilijaa shukrani mpaka nikamwambia, "Shoga, hii ni barua ya kuacha kazi au unaomba kuolewa?" Ya pili ilikuwa na hasira. Ya tatu ikawa fupi: anaacha kazi ya upishi kwa hiari yake, anaushukuru uongozi wa hoteli, na anaomba asamehewe siku thelathini za notisi ili aondoke wiki hii hii.

Hapo kwenye kusamehewa ndipo roho yake ilipokuwa imening'inia. Mama yake alikuwa akichoma anticucho, mishikaki ya moyo wa ng'ombe, kwenye kona moja ya Barrios Altos tangu Zenobia akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa magoti ya mama yamegoma. Manispaa ilikubali kibali kihamie kwa binti, kwa sharti kwamba kibanda kifunguliwe Oktoba inapoanza, la sivyo kona apewe mwingine. Na hapa Lima Oktoba si mwezi wa kuchezea. Ni mwezi wa zambarau, watu waliovaa rangi hiyo wanaifuata picha takatifu ya Bwana wa Miujiza barabarani kutwa nzima, kisha wanataka kula. Kibali chenyewe kilitoka Septemba ikiwa inaishia. Akingoja siku thelathini, kona imekwenda. Akiondoka bila ruhusa, ataandikwa mtoro, na baada ya miaka yote ile hakutaka kutokea mlango wa takataka.

Rosaura wa ofisi ya wafanyakazi alimgongea muhuri kwenye nakala. "Kuacha kazi ni haki yako, mama," alisema. "Lakini hilo la kukusamehe siku, meneja amemwachia shefu. Ana siku tatu za kukujibu."

Nilijua tumekwisha. Shefu Aurelio Cáceda alikuwa mtu wa kuandika. Aliandika barua kwa muuza samaki, kwa fundi wa jokofu, hata kwangu aliwahi kuniandikia kuhusu unene wa vipande vya parachichi. Kalamu tatu zilikaa mkononi mwa koti lake, zote zinafanya kazi. Halafu alikuwa na sheria moja kuu: akitoa amri, ujibu "Ndiyo, Shefu!" kwa sauti. Amri isiyojibiwa, alituambia, haipo. Ukinyamaza hujasikia, na sahani haiendi mezani.

Barua aliisoma amesimama mbele ya majiko, sote tukijifanya tuna kazi.

"Zenobia."

"Ndiyo, Shefu!"

"Unaacha jiko la hoteli ukapepee mkaa barabarani? Uvute moshi na madereva wa teksi?"

"Ndiyo, Shefu."

Wapishi wawili wakacheka. Mimi sikucheka, nilitamani nimrushie kabichi. Shefu aliikunja barua, akaitia mfuko wa kifuani, akasema, "Hili linataka jibu la maandishi." Kisha akaagiza supu.

Siku ya kwanza hakuandika kitu. Siku ya pili nilimwona ameketi kwenye kimeza chake akiandika kurasa mbili, nikamfinya Zenobia, naye akaacha kisu. Ilikuwa oda ya siagi. Jioni ile alikwenda mpaka kwenye sufuria ambamo Zenobia alikuwa ameilaza mioyo kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya panka iliyosagwa. Kwenye hoteli yetu tunauza vipande vitatu kwenye sahani kubwa kama uwanja, na jani moja juu. Shefu alichovya kidole, akaonja.

"Nani alikufundisha?"

"Mama, Shefu."

"Si mimi?"

"Wewe ulinifundisha kupanga sahani, Shefu."

Nikafumba macho. Kwa kweli nilidhani atamwagiwa sufuria. Shefu alifuta kidole kwenye aproni, akaondoka bila neno. Kimya kingi kina mshindo, na mimi mshindo wenyewe niliungoja usiku kucha.

Siku ya tatu Zenobia alikata vitunguu akilia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haikuwa vitunguu. "Delfina, hajajibu," aliniambia. "Hajajibu maana yake hapana. Mama amekwisha kununua mkaa. Nitamwambia nini?"

"Mwambie shefu wetu ana roho ya jiwe la kusagia."

"Usimtukane."

"Bado unamtetea! Mtu amekukalia barua kama kuku!"

Ofisi ilipokaribia kufungwa nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe kwa Rosaura, aproni kiunoni. Angalau akataliwe mbele ya shahidi. Rosaura alitazama trei yake, akatazama saa ya ukutani, akaanza kutabasamu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Najua hakuna," Zenobia akajibu. "Basi nibaki siku thelathini?"

"Kubaki ufanye nini? Sheria inasema, ukiomba kusamehewa siku na usikataliwe kwa maandishi mpaka siku ya tatu, umekubaliwa. Kimya chake ni "ndiyo" kwako. Uko huru, mama."

Zenobia alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni kabisa. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea kabati la mafaili. Siku tatu tulikuwa tunaogopa kimya kwa sheria ya jikoni, kumbe huku juu sheria ni nyingine.

"Labda alisahau," nikasema.

"Shefu Aurelio?" Rosaura alizima taa ya mezani. "Asubuhi nimemkumbusha. Mchana nimempelekea karatasi nikamweleza, usipoandika leo, anakwenda. Akaniambia kalamu yake haiandiki."

Tulishuka jikoni. Shefu alikuwa ametupa mgongo, anachemsha mchuzi upungue uwe mzito. Zenobia alivua aproni, akaikunja vizuri.

"Shefu, nimekuja kuaga."

"Sijajibu barua yako."

"Najua, Shefu. Ahsante."

"Basi nenda kabla sijapata kalamu," alisema, bila kugeuka. Lakini mchuzi aliuacha ukashika chini, na hilo sijawahi kuliona tena.

Kona ya Barrios Altos ilifunguliwa Oktoba ilipoingia. Jumapili yangu ya mapumziko nilikwenda kusaidia kumenya viazi. Maandamano yalikuwa yamepita, foleni imefika kwenye ukuta wa shule. Mama mtu aliketi kwenye kigoda akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Zenobia alipaka mishikaki mafuta kwa brashi ya maganda ya mahindi, moshi usoni, anacheka na kila mtu, na mimi nilimwonea wivu waziwazi.

Katikati ya foleni nikaona shati jeupe lililopigwa pasi. Shefu Aurelio, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri basi tu. Zamu yake ilipofika, mkaa ulikuwa umeanza kufa. Zenobia alikuwa na mishikaki mikono yote miwili, na mimi nilikuwa na viazi.

Zenobia alimtazama. Nadhani hakupanga kulisema. Lilimtoka tu, kwa sauti ile ya jikoni.

"Usisimame hapo! Chukua kipepeo, upepee huo mkaa!"

Shefu alitazama kipepeo cha ukindu. Akakunja mikono ya shati mara mbili, akainama mbele ya jiko na madereva wa teksi wote wakimwangalia, akaanza kupepea.

"Ndiyo, Shefu!" akasema.