Hela ya Namba Iliyofungwa

Jumatatu ya tarehe saba, mwezi wa nne, saa nne kasorobo asubuhi, ndipo mambo yalipomharibikia Fundi Kufuli. Alikuwa amepita ofisi ya ushirika wa viwanja kuulizia tu lini watapewa hati, akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Wanachama sita walioshindwa kumaliza malipo hadi mwisho wa mwezi wa tatu wamenyang'anywa viwanja, na mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla ya saa sita mchana Jumatano. Namba ya nne kwenye orodha ilikuwa yake.

Akaisoma mara tatu, kidole juu ya ukuta. Darasa la nne halikumwacha na mengi, lakini kusoma namba alikuwa anajua.

Mtaani walimwita Fundi Kufuli kwa sababu ya kazi yake: kuchonga funguo, kuokoa waliojifungia nje, kufumua makufuli yaliyokula kutu. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya stoo ya magunia, na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga. Mke wake alikuwa amekufa mwaka juzi. Tangu siku ile hakujua kupika kidogo. Alibandika sufuria la watu wawili, akala nusu, nusu ikachacha. Kitandani alilala upande wake ule ule wa ukutani, ule mwingine akauacha umetandikwa. Binti yao aliolewa mbali na alipiga simu mwisho wa mwezi. Baba hujambo, sijambo, unakula, nakula, basi.

Kilichobaki cha kumtoa kitandani asubuhi kilikuwa kile kiwanja. Mke ndiye aliyejiunga na ushirika, kwa hela ya kuuza maandazi. Ndiye aliyesimama juani siku mafundi wanachimba msingi, akawaambia jiko lielekee mashariki, asije akapikia gizani. Msingi ulikuwepo bado, mawe safu mbili, majani yameota katikati ya chumba cha kulala. Jumapili Fundi alikwenda kuyang'oa, akakaa kidogo pale penye jiko, akarudi.

Sasa wanasema hakulipa. Na yeye alilipa. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa alifunga kibanda mapema, akaenda na hela yote mfukoni kwa wakala wa benki aliye kwenye duka la dawa, akaiweka kwenye akaunti ya ushirika. Akapewa kikaratasi. Kikaratasi akakitia mfuko wa shati, na Jumapili akalifua shati. Zamani kulikuwa na mtu wa kupekua mifuko kabla ya kufua.

Dirishani pale ofisini, mhudumu kijana aliandika namba yake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Risiti je? Fundi akaeleza habari ya shati. Kijana akacheka, si kwa ubaya.

"Fundi, hela umeifungia ndani ufunguo ukatupa kisimani?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Fundi akacheka nao, maana mnyonge akichekwa asipocheka wanasema ana kiburi.

Akaenda kwa meneja. Meneja alikuwa na kiti kinachozunguka na alizunguka nacho muda wote wa mazungumzo, mara dirishani, mara kwa mgeni. Alisema ofisi inafuata vitabu, haifuati maneno. Alisema wanachama ni mia nane, kila mmoja akija na hadithi ya shati patakalika? Fundi alikuwa amekwisha kuisikia lugha hiyo. Usiku mke wake alipozidiwa, wakubwa wa hospitali walikuwa kikaoni, na waliokuwepo walisema hawana ruhusa ya kufungua kabati la dawa. Yeye mwenyewe angelifungua kwa kipande cha waya. Wakubwa wote wamenyonya ziwa moja, aliwaza. Ukiomba haki wanakuonyesha utaratibu.

Alipokuwa anatoka, mama mmoja aliyeshika birika la chai kwenye korido akamwuliza amekosana na nani. Alikuwa karani wa mahesabu wa chumba cha nyuma, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wenzake walimwita Mama Rula kwa sababu hasomi orodha bila kuilaza rula chini ya mstari. Fundi akamwambia kwa kifupi. Mama Rula akamkaribisha ndani, akamwekea stuli kati ya majalada.

Karani alianza kama dirishani walivyoanza: akatafuta namba ya Fundi, 1126. Patupu. Akatafuta deni lake la mwisho, laki nne na elfu themanini, katika taarifa ya benki ya mwezi mzima. Yalitokea malipo matatu ya kiasi hicho, na yote matatu yalikuwa na wenyewe. Mwingine angeishia hapo.

"Baba," alisema, "usiniambie ulichokuwa unadaiwa. Niambie ulichomhesabia wakala, mpaka senti."

Fundi akafikiri. Laki nne, themanini na tisa elfu, na mia sita.

"Hizo elfu tisa na mia sita ni za nini?"

Ni faini. Awamu ya mwezi wa pili alichelewa, na kwenye fomu imeandikwa anayechelewa anatozwa mbili kwa mia. Hakuna aliyemdai. Alipiga hesabu mwenyewe kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, akaiongeza, asije akaambiwa ana deni.

Mama Rula akamwangalia juu ya miwani. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtu anajitoza faini. Kisha akavuta jalada jembamba. Lilikuwa la fedha zisizojulikana, akamweleza: hela iliyoingia benki kweli, lakini haijulikani ya nani, kwa hiyo imewekwa kando kwenye akaunti yake peke yake, kama mzigo uliosahaulika stendi, mpaka mwenyewe atokee. Mwezi wa tatu zilikuwa kumi na tisa. Rula ikashuka mstari kwa mstari. Tarehe ishirini na tisa hakukuwa na kitu.

Fundi akajiona amekwisha.

"Ulikwenda saa ngapi?"

Alasiri, saa tisa hivi.

"Basi umenichelewesha bure," alisema karani, na rula ikaendelea kushuka. "Jumamosi mchana benki imeshafunga vitabu. Ulichoweka wanakiandika Jumatatu."

Chini ya tarehe thelathini na moja rula ilisimama. 489,600. Jina la mwekaji halikuwepo, ila namba ya wakala, namba ndefu ya muamala, na mahali pa namba ya mwanachama palisomeka 0417.

Mama Rula alikuwa anauliza namba hiyo ni ya nani. Sifuri nne moja saba. Kwa miaka tisa aliisikia ikitajwa nyumbani. Mke alikuwa akiitaja huku akifunga hela kwenye kitambaa, akiitaja njiani, akiitaja dirishani kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Alipokufa, ushirika uliifunga namba, ukamhamishia mume kiwanja na kumpa namba mpya kwenye karatasi. Namba mpya hakuna aliyewahi kuitamka nyumbani mle. Wakala alipomwuliza, mdomo ulitoa ile ulioizoea.

"Ya mama watoto," alisema.

Karani aliandika 0417 kwenye kompyuta, na kompyuta ikajibu kwamba namba imefungwa kwa sababu ya kifo. Ndiyo maana hela ilikosa pa kukaa. Hakutoa pole. Alimmiminia chai, akasukuma kikombe upande wake. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Fundi kunywa chai mbele ya mtu.

Lakini hela haikuwa yake bado. Mama Rula alimweleza kwamba mwaka jana watu wawili walidai fungu moja, kila mmoja anajua kiasi na siku, kwa sababu mmoja alimsikia mwenzake kwenye foleni. Tarehe, kiasi na namba vimetuonyesha hela, alisema. Sasa kitafutwe cha kuonyesha mkono ulioiweka. Wakala ana daftari. Aende akalete nakala ya ule mstari. Namba ya muamala hakumpa. Alisema itoke kwa wakala yenyewe, zilingane au zisilingane.

Jumanne duka la dawa lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda kununua dawa. Fundi alikaa kwenye ngazi mpaka jua likazama, akarudi kwenye sufuria lake. Jumatano alfajiri alikuwa pale pale. Binti wa duka alipofika akamtania, mzee wangu leo umekuja kulinda au kuiba, kisha akafunua daftari. Tarehe ishirini na tisa, saa tisa na dakika kumi, 489,600, namba 0417, namba ya muamala, simu ya Fundi, na sahihi yake iliyopinda kama msumari uliogongwa vibaya. Binti akapiga nakala, akagonga muhuri wa wakala.

Saa tatu na nusu karatasi ilikuwa juu ya meza ya Mama Rula. Alilaza rula, akalinganisha tarakimu za muamala moja moja, kumi na mbili zote. Akamtaka Fundi atie sahihi kwenye karatasi tupu, akaiweka kando ya ile ya daftari. Kisha akaandika dokezo la kuihamisha hela kutoka fedha zisizojulikana kwenda 1126, malipo ya tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu. Deni sifuri, faini sifuri. Akampeleka mwenyewe kwa meneja, dokezo mkononi.

Meneja alisoma, akazunguka na kiti, akasoma tena. Akamsifu karani. Akasema bahati mbaya bodi ilikaa jana jioni, kiwanja kimeshapewa aliyekuwa kwenye foleni, na huyo amelipa. Fundi atarudishiwa hela yake yote, hata faini.

Mama Rula akasema tangazo mlangoni linatoa mpaka leo saa sita. Meneja akasema bodi ni bodi. Akaongeza kwamba kwa utaratibu, malipo huhesabiwa siku yanapoandikwa kwenye namba ya mwanachama, yaani leo tarehe tisa.

Karani akachukua fomu ya pingamizi, akakaa kwenye kiti cha wageni, akamwambia Fundi ataje, yeye ataandika, maana saa zinakwenda. Fundi alisimama. Alikuwa na mengi kifuani, ya hospitali, ya sufuria, ya majani kwenye msingi, na kati ya yote hayo akachagua moja. Alisema polepole ili kalamu imfikie.

Ilipofika saa tano na dakika ishirini fomu iligongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki ya sita hii, bodi imekaa mara mbili, na kila Jumatatu Fundi hufunga kibanda akaenda kuuliza, akajibiwa bado. Fomu ipo kwenye jalada, na ndani yake pameandikwa mstari mmoja tu:

"Hela yangu ilifika kwenu tarehe thelathini na moja, mkaiweka kando siku tisa bila hata kumpigia wakala simu; sasa aliyechelewa ni nani, mimi au nyinyi?"