Kurasa Safi za Kataliko

Kitabu cha nyimbo cha marehemu Kataliko kilikuwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na Benon, mwenye duka la kompyuta pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, alikichukia tangu alipokifungua. Kila ukurasa alioskani ulitoka na maandishi ya upande wa pili, yamegeuka kinyume, yamefifia kijivu katikati ya mistari.

"Yaya Benon, ufanye mbio," alisema Yvette, binti wa marehemu, akimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Baba iko mu sanduku, anangojea kitabu yake."

Kwao, watu waliokimbia Butembo, katekista kama baba yake huzikwa na kitabu chake mikononi. Lakini Kataliko, akiwa kitandani, sauti imeshamkauka, aliutungia wimbo wa maziko tuni mpya, akaandika do re mi kwa penseli juu ya maneno. Hakuna aliyewahi kuisikia. Aliomba azikwe nayo ikiimbwa, kwa hiyo kwaya ilihitaji nakala kabla kitabu hakijazikwa.

Benon alijua dawa. Ungeweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, kifuniko cheupe cha mashine kisingerudisha mwanga, na yale ya nyuma yangepungua sana. Karatasi hiyo iliuzwa duka la pili tu. Uvivu ukamshinda, mtu mzima na akili zake! Badala yake aliongeza weupe kwenye kompyuta hadi kijivu chote kikatoweka. Ukurasa wa kwanza, usio na penseli hata chembe, uling'aa. Akaridhika, akazipitisha zote kwa mkupuo, akazihifadhi juu ya picha za awali kwa kuwa diski ilijaa, akaunda PDF na kuchapa nakala za kwaya. Yvette alimshukuru, akaondoka na kitabu.

Makaburini wanakwaya walifunua karatasi, wakatazamana. Maneno yalikuwepo, meusi tii. Juu yake palikuwa peupe.

"Sauti ya baba iko wapi?" Yvette aliuliza.

Benon aliichukua karatasi, akaelewa. Penseli na kivuli cha nyuma vilikuwa kijivu kimoja, alivifuta pamoja.

"Nimeifuta, dada," alisema. "Lakini kitabu iko humo. Mufungue kidogo tu, nipige picha."

Mzee Ephraïm, mdogo wa marehemu, akasimama mbele ya sanduku. "Kisha kupiga misumari, hatufunguake. Unataka atuchukue na sisi?"

Kwao, kulifungua sanduku lililopigiliwa ni kumkaribisha marehemu achukue mwingine. Sanduku likateremshwa, huku kwaya ikiyasoma yale maneno kama watoto wa shule, bila tuni, kila mtu na mwendo wake. Benon alichukua koleo apate kujificha nyuma ya kazi. Aibu ilimtafuna, na kila bonge la udongo lilipoanguka alijua anaufukia wimbo kwa mikono yake mwenyewe.

Walipomaliza, Yvette alimjia na karatasi yake, ameikunja vizuri.

"Chukua," alisema. "Iko safi sana."