Mchumba wa Mumewe

Msusi alikuwa mtalaka wa kujitangaza. Wenzake wakiachwa hujifungia ndani wakingoja maneno ya mtaa yapoe. Yeye siku alipopata karatasi yake ya mahakama aliitia kwenye fremu akaitundika saluni, kati ya kioo na bei za kusuka. Wanawake waliochoshwa na waume zao walikuja kusuka hata nywele zikiwa bado nzuri, mradi tu wamsikilize. Na yeye hakuwanyima.

Ndoa yenyewe ilivunjwa na injini. Mumewe, fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alifungua injini ya pikipiki juu ya kitanda, upande wa mkewe, eti gereji inavuja. Msusi aliitupa nje kipande kimoja kimoja. Spana akapandwa na mori, akafungua kesi ya talaka, na Msusi hakupinga hata kidogo. Baadaye mwanamume akapata kazi nchi ya mbali, akatulia huko, akapewa haki ya kukaa.

Kisha akaanza kupiga simu. Mwanzo alikuwa akimuulizia binti yao, baadaye akawa hamuulizii mtu. Katika ndoa yao yote alimwita Msusi "wewe", na akiwa na furaha "wewe hapo". Sasa alimwita mpenzi. Aliuliza amekula nini, kama miguu inayomuuma kwa kusimama kutwa imepona. Siku moja alisema, "Nilikukosea," na Msusi alilazimika kukaa kwenye kiti cha mteja.

Walipokubaliana kwamba Msusi amfuate huko, Msusi aliweka sharti moja. Ndoa ya kwanza ilipangwa na wazazi wa pande mbili, yeye akaletewa taarifa tu. Safari hii Spana amuombe kwa mdomo wake awe mkewe, naye awe na nafasi ya kukataa.

"Nitakuomba," Spana alisema. "Faili la viza likikamilika."

Hapo ndipo Msusi alipoichomoa karatasi kwenye fremu akaenda kwa mshauri wa viza, kijana mwenye tai na feni isiyozunguka.

"Viza ya mchumba," kijana alisema akiandika. "Mama, uliwahi kuolewa?"

"Mara moja."

"Ndoa iliishaje? Kama ni talaka nataka hukumu, kama mume alifariki nataka cheti cha kifo. Na mchumba naye vilevile, ndoa zake zote."

"Talaka. Na yeye talaka hiyohiyo."

Kijana aliinua kichwa. "Hiyohiyo vipi?"

"Mume wa zamani ndiye mchumba."

Kijana aliweka kalamu chini, akaishika tena. "Sawa. Sheria haikatazi. Lakini hata kama ni mtu mmoja, lazima tuthibitishe kwamba mchumba wako ameachana na mke wake wa zamani."

"Mke wake wa zamani ni mimi."

"Ndiyo. Tuthibitishe kwamba hayuko naye tena."

Msusi alimtazama kwa huruma, kama anavyowatazama wanaojinyoa wenyewe. Akamkabidhi karatasi. Kijana akaisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Mama, hii ni amri ya awali."

"Ya awali ndiyo ya kwanza. Nzuri."

"Haivunji ndoa. Inasema ndoa *itavunjwa* endapo muda uliowekwa utapita na mmoja wenu akarudi kuomba amri ya mwisho. Hiyo ya mwisho iko wapi?"

Msusi alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho, na kwamba karatasi hiyo imesomwa na nusu ya wanawake wa mji.

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba chenye mafaili hadi dirishani. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alitafuta, akakohoa vumbi, akarudi na jalada jembamba.

"Amri ya mwisho haikuombwa. Dada yangu, hujaachika."

"Nimeachika. Muulize yeyote mtaani kwetu."

"Mtaa hautoi talaka."

"Nilifanya sherehe. Watu walicheza."

"Sherehe hatuisajili." Karani alilainika kidogo, akasogeza kiti. "Sikiliza. Aliyefungua kesi hakurudi, lakini hata wewe una haki ya kuomba amri ya mwisho. Kwa kuwa muda umekuwa mrefu, utaeleza sababu ya kuchelewa, na hakimu ataamua. Hapo utakuwa umeachika kweli. Au, kama mmepatana, muombe nyote wawili amri hii ya awali ifutwe, mbaki mke na mume bila kitu kinachoning'inia."

Msusi alitoka akakaa kwa hasira kwenye ngazi za mahakama. Kupata viza si tatizo, mke pia hupewa. Tatizo ni kwamba mke haombwi. Mwanamume akishajua kwamba ni mume, ataomba nini tena? Kesho tu atakuwa "wewe hapo". Mchumba wa kumuuliza miguu imepona alikuwa naye muda mfupi tu, na sasa serikali inamrudishia Spana.

Alimpigia simu palepale.

"Mpenzi," Spana alisema.

"Subiri kwanza na hilo mpenzi. Mbona hukuomba amri ya mwisho?"

Kwa mbali chuma kilianguka sakafuni.

"Nilifika mpaka mlangoni," Spana alisema. "Karani alikuwa ameenda kula. Nikasema nitarudi."

"Hukurudi."

"Niliogopa nitamkuta."

Msusi alihamishia simu sikio la pili.

"Huko umejiandikisha vipi?"

"Nimeoa, tumetengana. Sikuwahi kuandika vingine."

"Na viza ya mchumba je?"

"Ulisema wewe ni mchumba. Ulikuwa na furaha. Nikajua huko ofisini watakwambia. Mimi sikuwa na ubavu."

"Kwa hiyo umemtongoza mkeo mwenyewe."

"Ndiyo."

"Basi nisikilize. Karani amesema hata mimi ninaweza kuomba ya mwisho. Masjala iko wazi, na karani hajaenda kula."

"Usiombe," Spana alisema haraka.

"Unaniamrisha?"

"Hapana." Sauti ilishuka. "Siamrishi. Nakuomba. Wewe ni mke wangu na unaweza kuacha kuwa mke wangu leo, najua. Nakuomba ubaki. Ukikataa, nitatia sahihi yangu unapotaka."

Msusi alikata simu bila kujibu. Alitaka Spana aone kukataliwa kunavyokaa kifuani, walau kwa muda wa kupanda ngazi. Alizipanda polepole. Mlangoni machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta, maana hapo hapakuwa na mteja wa kumwona.

Karani alikuwa bado amekaa. "Umeamua? Ya mwisho, au tufute?"

"Tufute."

"Mwenzako naye lazima atie sahihi, mbele ya wakili wa huko. Na kwenye viza utaingia kama mke, ule ukurasa wa ndoa zilizokwisha utaandika hakuna." Karani alichukua kalamu. "Sababu ya kufuta?"

"Andika nimeombwa."

"Umeombwa nini? Hakimu atauliza."

"Aulize," Msusi alisema. "Andika tu kwamba nimeombwa, na ningeweza kukataa."