Aliyekosekana Kwenye Posti

Chanjo ya watoto kisiwani Rukuba ilipovuka lengo, bosi wa shirika letu hapa Musoma aliandika posti ya kujisifu mwanzo hadi mwisho, halafu akamalizia, "Asante timu nzima." Nilichukia. Timu nzima ndiyo akina nani?

Nikaiandika upya, kila mtu na kazi yake kwa sentensi moja. Nesi Helena alichanja. Yusto alilinda ubaridi wa chanjo ndani ya boti. Baltazari aliandikisha watoto. Bosi alitafuta mafuta ya boti. Mimi nilizunguka kambi za wavuvi nikiwabembeleza akina mama, lakini jina langu nililiacha makusudi. Nilitaka kuona. Nikaituma kwenye grupu: "Kuna aliyesahaulika?"

Emoji za dole gumba zikamiminika. "Tumetimia wote," aliandika Helena, niliyekaa naye boti moja kwenda na kurudi.

Nikaongeza mwenyewe: "Ghati aliwashawishi akina mama wa kambini." Nikaiposti.

Helena akanipigia saa hiyo hiyo, kwa mshangao wa kweli.

"Ghati, kumbe ulikuwaga na kazi kule? Mimi nilijuaga umekuja kupiga picha tu."